Kihariri kizito kwenye mradi mmoja tu: nitajuaje ni kiendelezi gani, na nakizimaje hapo hapo bila kukifuta?

#1 Mshona_Kurasa

Wakuu, salaam. Natumia VS Code kwenye laptopu ya RAM 8 GB. Miradi yangu mingi inafunguka vizuri, ila kuna mmoja unanitesa. Ni repo ya timu yenye folda mbili kubwa: `wavuti`, ambamo nafanyia kazi kwa TypeScript, na `huduma`, ambayo ni ya wenzangu wa upande wa seva na siigusi kabisa. Nikiufungua, dirisha linatokea haraka tu, lakini mapendekezo ya kodi hayaji, mistari myekundu haitokei, feni inaanza kuvuma, na RAM inajaa mpaka kivinjari kinakwama. Baadaye mambo yanatulia kidogo, ila memori hairudi.

Nina viendelezi kama arobaini. Sitaki kuvifuta, maana kwenye miradi mingine navihitaji. Nataka kujua ni kipi kinachonila, halafu nikizime kwenye mradi huu tu. Nianzie wapi?

#2 Kasi_Kwanza

Arobaini! Jibu unalo tayari mkuu. Kila kiendelezi kinakula RAM hata kikikaa kimya. Mimi ninavyo vinane tu na kihariri kinaruka. Futa mandhari za rangi, futa ikoni, futa vyote vya lugha usizotumia, utaona tofauti.

#3 Bi_Nukta

@Kasi_Kwanza hilo ni kweli nusu. Kiendelezi kilichosakinishwa lakini hakijaamka karibu hakigharimu kitu. Kihariri kinasoma faili yake ya `package.json` tu, ili kijue kina amri gani na ni tukio gani litakaloiamsha kodi yake. Kodi yenyewe haipakiwi hadi tukio hilo litokee. Mandhari nyingi za rangi hazina hata kodi ya kuendesha. Mtu mwenye viendelezi 60 vinavyosubiri lugha zao anaweza kuwa na kihariri chepesi kuliko wewe mwenye vinane, kama hivyo vinane vyote vinaamka kila dirisha linapofunguliwa.

@Mshona_Kurasa kabla hujamshuku yeyote, hakikisha kwanza kwamba tatizo liko kwenye viendelezi. Funga madirisha yote ya kihariri, ingia kwenye folda ya mradi kwa terminali, andika:

```
code --disable-extensions .
```

Nimesema funga yote kwa sababu amri hiyo ina nguvu pale tu inapofungua dirisha jipya. Dirisha lililokwisha kufunguliwa haliguswi, na watu wengi hudanganyika hapo. Ujue pia kwamba viendelezi vilivyokuja na kihariri chenyewe, kama cha TypeScript na cha Git, vitaendelea kufanya kazi. Kwako hilo ni zuri: mapendekezo ya TypeScript utayapata kama kawaida, kwa hiyo utalinganisha vitu vinavyofanana.

#4 Paa_Mbio

Samahani nikiingilia, mimi naona ni antivairasi. Folda ya `node_modules` ina maelfu ya faili ndogo ndogo, na kila inayosomwa inakaguliwa kwanza. Niliiondoa folda ya miradi yangu kwenye ukaguzi wa papo kwa papo na kihariri kikabadilika kabisa. Angalia hapo kabla ya kuhangaika na viendelezi.

#5 Mshona_Kurasa

Nimejaribu amri ya Bi_Nukta. Bila viendelezi, mapendekezo yanakuja ndani ya sekunde chache na feni haisikiki. Kihariri kizima kinatumia kama 1.4 GB. Nikikifungua kawaida kinapita 3.4 GB.

@Paa_Mbio antivairasi yangu ilikuwa imewashwa mara zote mbili, kwa hiyo haielezi tofauti hiyo yote. Ila nitalikumbuka.

#6 Kasi_Kwanza

Basi rahisi. Bonyeza `Ctrl+Shift+P`, andika `Developer: Show Running Extensions`. Inakuja orodha ya vilivyoamka, kila kimoja na milisekunde zake. Chenye namba kubwa kuliko vyote ndicho mchawi wako.

#7 Mshona_Kurasa

Asante. Vilivyoamka ni kumi na kitu. Juu kabisa ni ESLint, milisekunde 890. Vingine viko chini ya 200, cha Java kina 140. Kwa hiyo nizime ESLint? Naihitaji sana lakini, timu hairuhusu kusukuma kodi bila kupita hapo.

#8 Bi_Nukta

Usizime ESLint bado. Milisekunde zile ni za kuamka tu: muda wa kupakia kodi ya kiendelezi na muda wa kuita kazi yake ya kuanza. Hazisemi lolote kuhusu kinachofanyika baada ya hapo, wala hazisemi lolote kuhusu memori. Kiendelezi kinaweza kuamka kwa milisekunde 140, kikazindua programu nyingine pembeni, kikarudi kukaa kimya. Ile ya pembeni ndiyo inayotafuna RAM, na kwenye orodha ile haimo.

Viendelezi vyote vya dirisha moja huendeshwa kwenye mchakato mmoja unaoitwa `extension-host`. Ukifungua madirisha matatu, unakuwa na michakato hiyo mitatu. Ndiyo maana huwezi kuona "ESLint MB ngapi, Git MB ngapi": vyote vimo kwenye chungu kimoja, na hakuna safu itakayokutenganishia. Lakini seva za lugha nyingi hazikai ndani yake. Zinazinduliwa kama watoto wa mchakato huo, na watoto wanaonekana mmoja mmoja. Fungua `Developer: Open Process Explorer`, au mradi ukiwa wazi andika kwenye terminali:

```
code --status
```

Tuwekee mistari iliyo chini ya `extension-host`.

#9 Jembe_la_Vim

Mimi nilihamia Vim zamani, sijui mnateseka nini jamani.

#10 Dada_Mabano

@Jembe_la_Vim kila uzi wa kihariri lazima upite kusalimia. Na wewe ukiweka seva ile ile ya lugha kwenye Vim itakula RAM ile ile, maana ni programu ile ile. Tuache tumsaidie mwenzetu.

#11 Mshona_Kurasa

Haya, nimekata safu ya PID na njia ndefu za faili, na mistari midogo nimeiacha:

```
CPU %   Mem MB   Process
    1      160   code main
    9      520   window [1]
   14      430   extension-host [1]
    6      560     electron-nodejs (tsserver.js)
    0      110     electron-nodejs (eslintServer.js)
   71     1390     java
    3      320     java
```

Sasa hapa ndipo sielewi. Sijafungua hata faili moja ya Java. Hizo `java` mbili zimetoka wapi?

#12 Dada_Mabano

Duh. ESLint masikini ana 110 tu. Kasi_Kwanza ulitaka kumfunga asiye na hatia.

#13 Kasi_Kwanza

Sawa, nakubali kwa huyu. Lakini orodha ile inasaidia sana kwa mtu ambaye shida yake ni kuchelewa tu, si RAM.

#14 Bi_Nukta

@Kasi_Kwanza inasaidia, na ndani yake kuna kitu cha thamani kuliko milisekunde. Weka kipanya juu ya muda wa kiendelezi, kitakwambia kiliamshwa na nini. Kuona vyote kwa pamoja, endesha `Developer: Startup Performance` na ushuke hadi kwenye jedwali la `Extension Activation Stats`. Lina safu za `Load Code`, `Call Activate`, `Finish Activate` na `Event`.

Mbili za kwanza ndizo zinazoziba njia. Kwa kuwa viendelezi vyote vinashiriki mchakato mmoja, kimoja kikishikilia hapo sekunde mbili, vingine vyote vinasubiri, pamoja na kile kinacholeta mapendekezo yako. `Finish Activate` ikiwa kubwa peke yake, mara nyingi kiendelezi kinasubiri jibu kutoka diski au mtandao, na wenzake wanaendelea na kazi. Watu huona 4000 kwenye safu hiyo wakashtuka bure.

@Mshona_Kurasa, tazama safu ya `Event` kwenye mstari wa Java. Nadhani najua utakachokikuta.

#15 Mshona_Kurasa

Imeandikwa `workspaceContains:*/pom.xml`. Na ni kweli, ndani ya `huduma` kuna `pom.xml`.

#16 Bi_Nukta

Basi ndiyo hiyo. Watu wengi wanaamini kiendelezi cha Java kinaamka unapofungua faili ya `.java`. Kinaamka hivyo, ndiyo, lakini kimejiandikisha pia kuamka pale folda uliyoifungua inapokuwa na `pom.xml` au `build.gradle`, hata ikiwa ndani ya folda ndogo moja. Kihariri kinapofungua mradi kinatafuta faili hizo, kikizikuta kinakiamsha. Kiendelezi kinazindua seva ya lugha, na seva inaanza kusoma mradi mzima wa Maven pamoja na maktaba zake. Hiyo ndiyo 71% ya CPU unayoiona, na ndiyo inayoichelewesha `tsserver` yako, kwa sababu zote zinagombea prosesa na diski katika dakika zile zile za mwanzo.

Ziko mbili kwa sababu mpangilio wa kawaida wa `java.server.launchMode` ni `Hybrid`: seva ndogo inatoa msaada wa sintaksia wakati ile kubwa inajiandaa.

Kukizima kwenye mradi huu pekee: fungua mradi, nenda kwenye orodha ya `Extensions`, kitafute kiendelezi cha Java, bofya gurudumu la meno, chagua `Disable (Workspace)`. Si `Disable` peke yake, hiyo inakizima kila mahali. Kisha endesha `Developer: Reload Window`, halafu rudia `code --status` uone kama `java` zimeondoka. Usiishie kwenye kuona neno la kuzimwa kwenye orodha. Angalia michakato.

#17 Fundi_Maven

Habari za hapa. Mimi ndiye mtu wa upande wa `huduma` kwenye timu kama hizi, kwa hiyo naomba kukitetea kiendelezi. Kinafanya kile kilichoandikiwa kufanya. Na si lazima ukizime: kuna `java.jdt.ls.vmargs`, punguza `-Xmx` iwe `1G` au chini ya hapo, seva itajibana.

#18 Bi_Nukta

@Fundi_Maven kwa mtu anayeandika Java, sawa, ajaribu. Lakini `-Xmx` ni kikomo cha hipu tu. Mchakato mzima hutumia zaidi ya hapo, kwa hiyo ukiandika 1G usishangae kuona 1300 kwenye orodha. Na ukibana sana kwenye mradi mkubwa, seva itatumia muda mwingi kusafisha memori badala ya kufanya kazi. RAM inashuka, CPU inapanda, feni inavuma vile vile. Mshona_Kurasa haandiki Java hapo kabisa. Ya nini abanane na seva asiyoitumia?

#19 Mshona_Kurasa

Nimebofya `Disable (Workspace)` na kihariri kimenizuia: kinasema siwezi kukizima peke yake kwa sababu kuna kingine kinakitegemea, kile cha kuendesha majaribio ya Java. Kinaniuliza kama nizime vyote. Nikubali? Kwenye mradi wangu mwingine wa Java nahitaji vyote viwili.

#20 Dada_Mabano

Kubali. Ulichochagua ni cha mradi huu, na hao wanaofuatana nacho watazimwa kwa mradi huu huu. Kwenye folda nyingine hawaguswi.

#21 Mshona_Kurasa

Nimekubali. `java` zote mbili zimeondoka, jumla imeshuka hadi 1.7 GB. Nimefungua mradi wangu mwingine wa Java, kila kitu kipo. Asanteni sana.

Lakini mapendekezo bado hayaji upesi kama vile nilipozima viendelezi vyote. Kuna pengo la sekunde kadhaa bado.

#22 Paa_Mbio

Antivairasi.

#23 Kasi_Kwanza

Mimi sasa nasema TypeScript yenyewe. Hiyo `tsserver` ina 560 MB. Weka `typescript.tsserver.maxTsServerMemory` iwe 512 ishuke.

#24 Dada_Mabano

@Kasi_Kwanza hapana jamani! Ile ni dari. Kwa kawaida iko 3072, na seva ikihitaji zaidi ya dari uliyoweka inaanguka, inawashwa upya, inaanza kusoma mradi tangu mwanzo. Mwenzetu ataongeza kuchelewa badala ya kupunguza. Na `tsserver` inakuja na kihariri, ilikuwepo hata alipozima viendelezi vyote, na wakati huo mambo yalikuwa mepesi.

#25 Mshika_Bendera

Mimi nimechukua ushauri huu kwa timu yetu. Nimeandika kitambulisho cha kiendelezi cha Java kwenye `unwantedRecommendations` ndani ya `.vscode/extensions.json`, nikaingiza kwenye Git, ili kizimwe kwa kila mtu wa upande wa wavuti. Mpaka sasa wawili wanasema bado kinaamka. Wanakosea wapi?

#26 Bi_Nukta

Hawakosei popote. `unwantedRecommendations` inakiambia kihariri kisimpendekezee mtu kiendelezi hicho. Kama tayari anacho, kitaamka kama kawaida. Kwenye faili za `.vscode` hakuna mahali pa kuandika "zima hiki kwa kila atakayefungua mradi huu".

Ukibofya `Disable (Workspace)`, uamuzi huo haubaki kwenye folda ya mradi. Unahifadhiwa kwenye kompyuta yako, ndani ya folda ya `workspaceStorage` ya kihariri, kwenye hifadhidata ndogo ya `state.vscdb`. Kwa hiyo hauendi kwa wenzako kupitia Git. Tena umefungwa na folda yenyewe: ukiihamisha, ukibadilisha jina lake, au ukiifuta na kuipakua upya, kihariri kinaiona kama mradi mpya, na kiendelezi kinarudi. @Mshona_Kurasa hili likuhusu: siku utakapopakua repo upya na feni ikaanza tena, usitafute mchawi mwingine kabla hujaangalia hapo.

Kwa timu, mnaloweza kushiriki ni mpangilio wa kiendelezi chenyewe, pale kinapoutoa. Cha Java kinautoa:

```
{
  "java.server.launchMode": "LightWeight"
}
```

Hiyo ikikaa kwenye `.vscode/settings.json`, kiendelezi kinaamka lakini ile seva kubwa haizinduliwi. Inabaki ndogo ya sintaksia. Si sawa na kukizima, ila kwenye jedwali la Mshona_Kurasa ni tofauti ya zaidi ya GB moja.

#27 Fundi_Maven

Hapana, tafadhali! Hiyo ukiiweka kwenye mzizi wa repo, sisi wa Java tunapoteza ukaguzi wa makosa na kuendesha majaribio. Mshatatua la kwenu mkatuvunjia letu.

#28 Mshika_Bendera

Ukweli. Basi tufanyeje? Repo ni moja na watu ni wa aina mbili.

#29 Dada_Mabano

Sisi tunafungua folda ndogo tu. Mtu wa wavuti anafungua `wavuti` yenyewe badala ya mzizi. Huko hakuna `pom.xml`, kwa hiyo hakuna kinachoamka, na hamna cha kuzima. Kihariri kitauliza kama kifungue repo ya Git iliyo folda ya juu, unakubali. Hasara yake ni kwamba utafutaji unaishia ndani ya `wavuti`, na mipangilio iliyo kwenye `.vscode` ya mzizi haisomwi.

#30 Fundi_Maven

Hiyo naikubali. Na sisi tufungue `huduma`, tuache kupakia `node_modules` zenu.

#31 Bi_Nukta

Kuna na njia ya wasifu, iliyopo tangu 2023. Unatengeneza wasifu wa wavuti wenye viendelezi vya wavuti tu, ukiufungulia folda mara moja, kihariri kinakumbuka kwamba folda hii ni ya wasifu huu. Kwa mwenye viendelezi arobaini na kazi za aina tatu ni safi kuliko kuzima kimoja kimoja. Kwa anayesumbuliwa na kimoja, ni mzigo mwingi, maana mipangilio na vifupisho vya kibodi navyo vinafuata wasifu usipochagua kuvichukua kutoka kwenye ule wa kawaida.

#32 Mvuvi_wa_Hitilafu

Naomba kuuliza langu humu humu. Kwangu kufunguka hakuna shida. Asubuhi kihariri ni chepesi, `extension-host` ina MB 300. Kufikia jioni ina 1900, bila mtoto yeyote mkubwa chini yake. Nikipakia dirisha upya inashuka, kesho inapanda tena. Nimejaribu `Help: Start Extension Bisect` na haikunisaidia, kila raundi nilikuwa naona iko sawa.

#33 Kasi_Kwanza

Hiyo `bisect` ndiyo nini? Mbona hamkuitaja tangu mwanzo?

#34 Dada_Mabano

Inazima nusu ya viendelezi ulivyoweka mwenyewe, inapakia dirisha upya, inakuuliza kama tatizo bado lipo. Ukijibu, inachukua nusu yenye tatizo na kuigawa tena. Kwa arobaini ni kama raundi sita unafika kwa kimoja. Angalizo: mwishoni inakutajia kiendelezi na kukuwekea alama ya kukiacha kimezimwa. Ukiiacha alama hiyo, kinazimwa kila mahali. Itoe, halafu nenda ukakizime kwa mradi.

#35 Bi_Nukta

Sikuitaja kwa Mshona_Kurasa kwa sababu mtoto wa mchakato alikuwa anaonekana wazi. `bisect` inafaa pale tatizo linapojitokeza upesi, na mhusika akiwa mmoja. Wakiwa wawili itakupa mmoja na utabaki na nusu ya tatizo.

@Mvuvi_wa_Hitilafu kwako ndiyo maana ilishindwa: kila raundi ulijibu "sawa" kabla memori haijapata muda wa kupanda. Huo ni uvujaji wa polepole, na unahitaji kuangalia ndani ya chungu chenyewe. Funga yote, kisha:

```
code --inspect-extensions=9333 .
```

Fanya kazi kawaida. Memori ikipanda, fungua `chrome://inspect` kwenye kivinjari, ongeza `localhost:9333` kwenye orodha ya shabaha, ingia sehemu ya `Memory`, chukua picha ya hipu. Chukua moja mapema na nyingine baadaye, ulinganishe nini kimeongezeka. Kwenye njia za kodi utaona majina ya folda za viendelezi. Uwe na nafasi, maana wakati wa kupiga picha hiyo memori inapanda zaidi kwa muda.

#36 Mvuvi_wa_Hitilafu

Sawa. Ila mimi nafanya kazi kwa SSH kwenye seva ya ofisi. Ni sawa sawa?

#37 Dada_Mabano

Aah, hilo ungeanza nalo! Ukiwa kwa SSH viendelezi vingi vinaendeshwa kule kwenye seva, chini ya `~/.vscode-server`. Hizo 1900 ulizisoma wapi, kwenye laptopu au kule?

#38 Mvuvi_wa_Hitilafu

Kwenye seva, kwa `top`. Kwa hiyo ni RAM ya wote. Ndiyo maana msimamizi amekasirika.

#39 Bi_Nukta

Basi ile amri ya `--inspect-extensions` itakuonyesha mchakato wa laptopu, si ule wa seva. Kwa kuanzia nenda kwa mkono: ukiwa umeunganishwa na mradi ule, zima nusu ya viendelezi kwa `Disable (Workspace)`, uache siku nzima, uangalie jioni. Ni polepole, lakini uvujaji wa siku nzima hauna njia ya mkato. Anza na vile vinavyosoma historia ya Git au kuchambua mradi mzima. Hivyo hubeba data nyingi.

#40 Kidole_Gumba

Wakuu, kuna amri ya kutoa orodha ya viendelezi vyangu? Nabadilisha kompyuta wiki hii.

#41 Dada_Mabano

`code --list-extensions`. Karibu.

#42 Mshona_Kurasa

Narudi kwenye pengo langu la sekunde. Nimefungua `wavuti` peke yake kama alivyosema Dada_Mabano. Pengo limepungua lakini halijaisha. Kwenye `Startup Performance`, ESLint iko juu kwa `Load Code`, ndizo zile 890. Nikizima ESLint kwa mradi, pengo linakuwa dogo sana. Nikiiwasha siku nyingine, wakati mwingine `Load Code` ni 200 tu. Kwa nini inabadilika hivyo?

#43 Paa_Mbio

Kodi ile ile, muda tofauti: huo ni usomaji wa diski. Mara ya kwanza baada ya kuwasha kompyuta faili haziko kwenye kache, na antivairasi inazikagua zote. Mara ya pili ziko tayari. Nilisema.

#44 Bi_Nukta

@Paa_Mbio hapa una hoja nzuri, na inapimika. Awashe kompyuta upya, apime, afunge kihariri, apime tena bila kuzima kompyuta. Ya kwanza ikiwa 890 na ya pili 200, tatizo liko kwenye kusoma diski, na kuzima kiendelezi kutaficha dalili tu. Lakini kutenganisha kache na antivairasi kunataka apime tena baada ya kuwasha upya, folda ya `.vscode/extensions` ya nyumbani kwake ikiwa nje ya ukaguzi. Folda ya mradi pekee haitoshi, maana kodi ya kiendelezi haikai humo.

#45 Fundi_Maven

Na kama RAM ilikuwa imejaa na mfumo ulikuwa unabadilishana na diski? 8 GB, kivinjari kimefunguka, matokeo yatafanana kabisa na hayo.

#46 Mshona_Kurasa

Inawezekana, kivinjari changu huwa kina vichupo vingi. Laptopu ni ya ofisi, kwa hiyo kuondoa folda kwenye ukaguzi lazima niombe ruhusa. Nitapima yale mawili ya kwanza kesho asubuhi kabla ya kufungua kitu kingine chochote, niweke namba hapa.